Kliyan wa WhatsApp saa tano ya usiku: vile nilimalizana na papa wa malori

"Wandugu, niko na kliyan ananitumia mesaje WhatsApp saa yoyote, saa tano ya usiku, saa kumi ya alfajiri, siku ya Mungu, na nisipojibu anapiga. Nikimnyamazia naogopa kazi itaenda. Ninyi munafanyaka je?"

Ndugu, huyo kliyan wako namjua, si kwa jina ila kwa tabia, juu nilikuwa na wake pacha hapa Lubumbashi karibu miaka mbili. Mi nafanyaka grafiki, flayari, bashi, kalandari, kataloge. Wangu ni papa mumoja mwenye malori zinazopita Kasumbalesa, tena ana magazini ya piesi za malori kule Kampemba. Kliyan muzuri, analipa, hana maneno mingi siku ya fakitire. Maneno yake yote yanakuyaka usiku.

Na niseme ukweli kabla hujaniona shujaa, mi njo nilimzoesha. Mwezi wa kwanza alituma mesaje saa tano ya usiku nikajibu palepale, tena na kasmaili, nilitaka aone huyu kijana ni wa kazi. Yeye akaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: huyu saa tano yuko.

Kilichonifungua macho ni flayari 1000. Usiku mumoja, 23h40, inaingia odyo ya dakika 4, nyuma injini ya lori inanguruma, papa anabadilisha bei za betri na namba ya simu ya magazini, mwisho anasema "tuma tu ku imprimeri, nazitaka kesho". Nikaamka, nikabadilisha, nikatuma fishye kwa imeili, nikarudi kulala. Kumbe aliposikiliza odyo yake mwenyewe aliona amekosea namba, akaifuta, akatuma ingine ya kusahihisha, lakini hiyo ya pili aliitupa mu grupe ya WhatsApp tuliyokuwa nayo pamoja na sekretere wake na watoto wawili wa dada yake. Asubuhi ile grupe ilikuwa na mesaje kama 40 juu yake, picha za mazishi, matokeo ya mpira, sikupanda kuangalia. Flayari zikatoka na namba ya mtu tusiyemjua. Papa anasema "nilisahihisha!", na ni kweli alisahihisha. Mi nataka kumuonyesha ile odyo ya kwanza, naona paka maandishi kwamba mesaje imefutwa, juu WhatsApp inamuachia mtu kama siku mbili za kufuta kwa wote. Nililipa dola 110 za kuchapisha upya, kutoka mfuko wangu.

Hapo njo nilielewa kwamba shida haikuwa usingizi wangu tu. Kazi ilikuwa inaingia kwa milango mitatu, odyo ya pembeni, grupe, na simu, na hakuna hata mumoja unaobakisha karatasi.

Nikafanya kitu kimoja kabla ya kwenda kumuona, na wewe anza nacho. Fungua ile diskusyo yake, kwenye menyu kuna namna ya kuieksporte, inakutolea fishye ya maandishi yenye tarehe na saa ya kila mesaje. Hesabu wiki mbili. Mi nilipata mesaje 163, kati yake 71 ziliingia baada ya 18h00, na katika hizo 71 zile ambazo kweli hazingengoja mpaka asubuhi zilikuwa 3. Tatu! Na kitu kingine nilikiona ku saa: zile usiku zenye mesaje mingi zilikuwa usiku ambazo malori zake zimekwama ku mupaka. Papa hajalala, anangoja simu ya shofere, hana la kufanya, basi anatoa kichwani kila kitu alichonacho na mimi njo nilikuwa kikapu. Haikuwa dharau kabisa. Nilipoona vile hasira ilipungua nusu, na nikajua nisimkataze kutuma.

Maongezi hayafanywi ku WhatsApp, hiyo ni kama kumwambia mtu aache pombe mukiwa ndani ya baa. Nilimfuata Jumamosi ku depo, asubuhi, kabla watu hawajajaa, na ukurasa mumoja wa karatasi. Sikumwambia "papa unanisumbua", mtu wa umri wake humwambii vile, na tena angesema pole halafu usiku anaendelea. Nilianza na flayari.

"Papa, zile flayari 1000 zilikufa juu maneno yako yalipita njia mbili. Nataka yapite njia moja."

Akanyamaza, akasema, "Sasa mtoto, mi wazo likinijia usiku niliweke wapi? Asubuhi nimesahau."

"Tuma tu, papa. Tuma hata saa nane ya usiku. Mi nitaisikia saa mbili ya asubuhi. Ila wazo halijawa kazi mpaka sekretere aliandike ku imeili na wewe useme ndiyo."

"Na kama kunaungua?"

"Unanipigia simu ya kawaida, papa, ya unite. Si ya WhatsApp."

Hilo la unite ndilo lilifanya kazi kuliko yote, na nililipata kwa bahati tu. Simu ya WhatsApp haimuumi mtu, anabonyeza akiwa amelala. Simu ya unite inamfanya ajiulize kidogo. Tukaandika palepale nini maana ya kuungua: kazi iko tayari ku imprimeri na mashini inaanza asubuhi, ao bashi iliyotundikwa ina kosa. Basi. Wazo jipya, rangi, picha ya mtoto ya kuweka ku kalandari, hiyo haiungui. Na kila kazi ya usiku inaongezewa dola 30 ku fakitire ya mwezi. Alicheka, akasaini.

Saa ziandike kwa namba, ndugu, tafadhali. Mi ku karatasi ya kwanza niliandika "saa mbili mpaka saa kumi na moja", kwangu ni 8h00 mpaka 17h00, yeye akasoma kwa hesabu ya Kifaransa, kumi na moja ni 23h00, na wiki ya kwanza akanipigia 22h30 na roho safi kabisa. Pia ongeza "saa ya Lubumbashi", juu akisafiri Kinshasa yeye yuko nyuma saa moja, 17h00 yake ni 18h00 yangu.

Sasa simu yenyewe. Nilinunua simkadi ya pili nikaweka WhatsApp Business ku simu ileile, zinakaa zote mbili bila shida, kliyan wote wakahamia kule. Ndani yake kuna "Message d'absence", unaiwekea itoke paka nje ya saa zako za kazi. Yangu inasema hivi:

"Nimepokea, asante. Nafanya kazi Jumatatu–Ijumaa 8h00–17h00, Jumamosi 8h00–12h00, saa ya Lubumbashi. Nitasoma saa hizo. Badiliko la kazi: imeili. Kama kazi iko ku mashini: simu ya kawaida."

Lakini usiitegemee sana. Ile mesaje inatoka paka kama simu yako iko na koneksyo, mega zikiisha ao umeme ukienda na betri ikafa, kliyan anaona kimya tu. Njo maana lazima awe ameshaambiwa kwa mdomo kwanza. Na kama umezima zile alama za bluu ukidhani umejificha, ujue odyo hazifichiki, ukiisikiliza yeye anaona kamikro kamegeuka bluu. Kwa hiyo odyo ya usiku usiiguse. Mi hata diskusyo yake niliizima sauti moja kwa moja, na simu usiku naiweka ku kimya ya kuruhusu simu za watu wachache niliowachagua, yeye yumo, basi simu yake ya kawaida inalia na WhatsApp inanyamaza.

Asubuhi 8h00 nasikiliza zote kwa mfululizo, naandika imeili moja, sekretere na papa ndani:

"Nimeelewa hivi: 1) bei ya betri kubwa inabadilika, 2) namba mpya ya magazini. Naomba muandike hiyo bei na hiyo namba hapa chini. Sijaanza bado, naanza nikipata NDIYO."

Zamani ningeandika bei na namba niliyosikia mimi. Sasa namba zote anaziandika yeye, sikio langu halimo tena. Na kabla ya imprimeri kuna bona-tire, yaani kurasa ya mwisho anayosaini vile ilivyo, ile karatasi tuliirukaga kila mara juu ya haraka. Saini hakuna, mashini haianzi.

Wiki mbili za kwanza atakupima, hata bila kujua kwamba anakupima. Usiku wa tatu alituma odyo 5, halafu "?", halafu "??", halafu akapiga ya WhatsApp mara mbili. Sikuigusa. Usiku wa tisa niliharibu mimi mwenyewe: nilikuwa macho, naangalia mpira, akauliza kitu chepesi cha ndiyo ao hapana, nikajibu 22h10. Ndugu, kesho yake usiku ziliingia mesaje 11. Ile jibu moja ilinirudisha karibu wiki nzima nyuma. Ukishindwa kuvumilia andika jibu, usitume, litume 8h00.

Mwezi wa kwanza simu za unite zilikuwa 2, zote za kweli, na ile dola 30 alilipa bila neno. Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa 1. Grupe bado iko, nimebaki mule juu kutoka ingekuwa matusi kwa familia, lakini kila mtu anajua kazi haipiti pale, na mtoto wa dada yake akiandika "badilisha rangi" sekretere njo anamjibu.

Sitakudanganya kwamba inashika kwa wote. Kliyan mwingine, mwenye baa, nilimpelekea karatasi ileile, akasema yeye kazi yake ni usiku na anataka mtu wa usiku. Alikuwa na haki yake. Nilimwambia bei ya mtu wa usiku, akatafuta mwingine, na mwezi ule dola 80 zilipungua kweli, nilizisikia. Wako angalia kwanza ni wa aina gani, ile hesabu ya wiki mbili itakuonyesha.

Papa bado anatuma. Jana 23h52, odyo ya dakika 3, leo asubuhi naisikiliza na chai, inaanza: "Mtoto, hii ni ya kesho, lala."