Hesabu spesi kabla ya kukata jina, na IFERROR uiondoe leo

> "Wakuu, nina orodha ya majina kamili kwenye Excel, natenganisha kwa LEFT na FIND. Mengine yanatoka sawa, mengine #VALUE!. Nimeambiwa nifunike kwa IFERROR ibaki wazi. Nifanyeje?"

Usiifunike. Kama umeshaifunika, iondoe kabla hujamtumia mtu yeyote hilo faili.

Hiyo #VALUE! ndiyo sehemu pekee ya orodha yako inayosema kweli. FIND imetafuta spesi ikakosa, ikakwambia. Ukiweka IFERROR yenye alama tupu, mtu aliyeandikwa "Asha" peke yake anapotea kabisa: jina la kwanza wazi, la kati wazi, la mwisho wazi, wakati jina alikuwa nalo. Halafu ukienda kuhakiki kwa COUNTA, idadi inalingana na mistari yako yote, kwa sababu COUNTA inahesabu seli yenye fomula hata kama fomula hiyo imerudisha utupu. Unaona hesabu imetimia, unafunga faili. Inaniuma kuona ushauri huu bado unazunguka. Wanaoufundisha huchukua jina moja safi, wanalikata mbele yako, likitoka sawa wanaongeza IFERROR na kusema kazi imekwisha. Mimi niliwaamini, na nililipia kwa kurudia orodha nzima kwa mkono.

Lakini kubaya zaidi kuliko #VALUE! ni yale majina unayosema "yanatoka sawa". Chukua hili, nukta ya katikati isimame badala ya spesi:

```
Asha··Juma·Bakari
```

Kuna spesi mbili baada ya Asha. Fomula inayotafuta spesi ya kwanza inaipata nafasi ya 5, ya pili inaipata nafasi ya 6. Jina la kati ni kilichomo kati ya 5 na 6, yaani hakuna kitu. Jina la mwisho ni kila kinachofuata, yaani "Juma Bakari". Hakuna kosa lolote lililoonyeshwa, na seli ya jina la kati iliyo wazi inaonekana kama ya mtu mwenye majina mawili tu. Na usitegemee kuunganisha vipande upya ili ulinganishe na jina la awali. Ukiunganisha "Asha", spesi, utupu, spesi na "Juma Bakari", unapata herufi zilezile za mwanzo, na Excel inakujibu TRUE. Uhakiki umepita, jina limekatwa vibaya.

Utaambiwa TRIM inamaliza yote hayo. Inamaliza spesi ya kawaida tu, ile yenye namba 32: inafuta za mwanzo na za mwisho, na zilizorudiwa katikati inabakiza moja. Majina yaliyokopiwa kutoka kurasa za wavuti mara nyingi huja na spesi nyingine, namba 160, isiyokatika mwisho wa mstari. Kwa macho zinafanana, ila TRIM haiigusi, na FIND inayotafuta spesi ya kawaida inaipita kama herufi ya jina. Ikiwa imejificha mwisho wa "Bakari", jina la mwisho litaonekana zuri kabisa, lakini LEN itasema 7 badala ya 6, na VLOOKUP itakwambia mtu huyo hayupo. Ikiwa mwishoni kuna spesi ya kawaida kisha hiyo ya 160, fomula inayochukua kilichopo baada ya spesi ya mwisho inakupa hiyo 160 peke yake, na seli inaonekana tupu. Ukishuku seli, iulize herufi yake ya mwisho ni nani:

```
=UNICODE(RIGHT(A2,1))
```

Ikijibu 160, umempata.

Kanuni yangu ni moja: usikate moja kwa moja kutoka safu A. Safisha kwenye B, hesabu kwenye C, ndipo ukate. Kwenye B2:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Mpangilio huo usiugeuze. Ukitanguliza TRIM ndani kisha SUBSTITUTE nje, zile 160 zinageuka spesi za kawaida baada ya TRIM kumaliza kazi yake, na unarudi kwenye spesi mbili mbili. Kama Excel yako inakataa mkato ndani ya fomula, weka nukta-mkato. Hiyo ni mipangilio ya eneo ya kompyuta yako.

Kwenye C2, idadi ya spesi:

```
=LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2," ",""))
```

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chuja safu C uone kuna namba zipi. 2 kwa kawaida ni majina matatu, hayo yanakatika, ila yapitie kwa macho kwanza, maana "Asha binti Juma" nayo ina 2. 0 ni jina moja. 3 na zaidi mara nyingi yana "binti", "bin" au jina la maneno mawili kama Abdul Rahman, na hakuna fomula inayojua Abdul Rahman ni jina moja. 1 ndiyo ya kuangalia kwa makini, maana imechanganya watu wa aina mbili: wenye majina mawili kweli, na wale walioandikwa "AshaJuma Bakari" bila spesi. Kuwatofautisha, hesabu herufi kubwa:

```
=SUMPRODUCT(--(ABS(CODE(MID(B2,
 ROW(INDIRECT("1:"&LEN(B2))),1))-77.5)<13))
```

Herufi kubwa A hadi Z zina namba 65 hadi 90, na fomula hii inahesabu zilizomo humo tu. "Asha Bakari" ina herufi kubwa 2 na spesi 1, sawa. "AshaJuma Bakari" ina herufi kubwa 3 na spesi 1: hapo kuna spesi imekosekana, ifungue seli uitie kwa mkono. Ikiwa orodha imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kipimo hiki hakisaidii. Hizo zenye 1 zisome kwa macho.

Sasa kata, na zisizo na 2 zipewe neno linaloonekana, kamwe si utupu. Jina la kwanza, la kati, la mwisho:

```
=IF($C2=2,LEFT($B2,FIND(" ",$B2)-1),"KAGUA")
=IF($C2=2,TRIM(MID(SUBSTITUTE($B2," ",
 REPT(" ",100)),101,100)),"KAGUA")
=IF($C2=2,TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE($B2," ",
 REPT(" ",100)),100)),"KAGUA")
```

Hizo mbili za chini zinapanua kila spesi kuwa spesi 100, kisha zinachota kipande kipana ambamo neno moja tu linaingia, na TRIM inakwangua zilizobaki. Zinafanya kazi mradi jina zima halizidi herufi 100.

Wenye Excel mpya watakwambia utumie TEXTSPLIT uache haya yote. Itumie, lakini kwenye B2 na baada ya kuhesabu. Ukiipa A2 yenye spesi mbili itakuwekea seli tupu katikati na kusukuma majina mengine kulia, na ile 160 haitaikata kabisa.

Ukimaliza, chuja KAGUA, rekebisha jina kwenye safu A, na C ihesabu upya yenyewe. Ikibaki KAGUA ya mtu mwenye majina mawili kweli, mwandikie kwa mkono. Ndipo ukopi safu za majina na kuzipesti kama thamani tupu. Usifute safu A wala B kabla ya hapo, vinginevyo kila seli itageuka #REF!.