Kutangaza cheo kipya bila ya kujitapa

"Nimekaa miaka sita mapokezi katika hoteli moja ya Paje, na mwezi huu nimepandishwa kuwa mkuu wa mapokezi. Nataka kutangaza katika LinkedIn, lakini mwenzangu tuliyeomba naye nafasi hiyo yumo humo humo, na Bibie aliyenifundisha kazi pia. Niandikeje nisionekane najitapa, wala kwamba nimesahau nilikotoka?"

Hongera sana, dada yangu. Subiri kwanza mpaka barua iwe mkononi, uongozi uwe umewatangazia wafanyakazi, na wewe mwenyewe uwe umekaa na huyo mwenzako mkazungumza ana kwa ana. Akizipata khabari hizi kwenye simu, hata maneno mazuri kiasi gani hayatamfikia vizuri.

Baada ya hapo rekebisha ukurasa wako. Ongeza cheo kipya chini ya jina lile lile la hoteli, ili vyeo vyako viwili vikae pamoja na msomaji aone kwamba umekulia hapo hapo, kisha kifunge cha zamani kwa mwezi uliokiacha. Kabla ya kuhifadhi, hakikisha kitufe cha Notify network kimezimwa. Kikiwa wazi, mtandao unaweza kuwapelekea watu taarifa yake wenyewe, nawe ukaongeza tangazo lako, na khabari moja ikasikika mara mbili kama mtu anayepiga ngoma yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye maneno, ambako ndiko watu wengi wanakoteleza. Rasimu ninazoletewa aghlabu huwa hivi: "Hatimaye juhudi zangu zimezaa matunda! Baada ya miaka sita ya kuhangaika mapokezi, nimechaguliwa miongoni mwa wengi kuwa mkuu wa kitengo. Nawashukuru wote walioniunga mkono." Aliyeandika hana nia mbaya, lakini "hatimaye" linaonyesha kwamba ulicheleweshwa haki yako, "kuhangaika" linaitukana kazi ambayo wenzako bado wanaifanya, na "miongoni mwa wengi" linamkumbusha mwenzako mbele ya watu kwamba yeye hakupata. Ama shukurani kwa "wote", hiyo haimfikii hata mmoja.

Lipo na jengine. Katika simu, tangazo huonekana mistari michache tu ya mwanzo, na yaliyobaki hufichwa mpaka msomaji abonyeze. Kwa hivyo anayejisifu juu na kushukuru chini, wengi watamsoma alipojisifu tu. Mtu uliyemshukuru anatakiwa aonekane ndani ya mistari hiyo ya mwanzo, pamoja na jambo alilolitenda. Mimi ningeliandika hivi:

"Alhamdulillahi. Kuanzia mwezi huu nimekabidhiwa kuongoza kitengo cha mapokezi cha hoteli yetu. Kazi hii nilifundishwa na Bi Fulani, aliyebaki nami usiku wa zamu yangu ya kwanza mpaka nikajua kufunga hesabu za siku. Nilichokiona kwake ndicho ninachotaka wageni na wafanyakazi wapya wakikute kwetu. Naanza kwa kuipanga upya ratiba ya zamu za usiku, pamoja na wenzangu ambao wanaijua kazi hiyo vizuri."

Angalia kwamba cheo kimetajwa mara moja, wazi, bila ya kukipamba wala kukificha. Usikidharau ukasema "si cho chote", kwa sababu waliokupa watajiona wamedharauliwa. Neno "nimekabidhiwa" linabeba amana, na tena linaacha nafasi ya aliyekabidhi. Sentensi ya mwisho inahusu kazi iliyo mbele, na hiyo ndiyo inayomwonyesha msomaji wa kitaaluma kwamba unajua ulichopewa. Kuanza kwa kumshukuru Mungu ni adabu yetu na hakuna anayelaumu, lakini usiishie hapo, kwani tumefundishwa katika hadithi kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu.

Mwenzako usimtaje, hata kwa kumsifu. Sifa unazompa aliyekosa, mbele ya kadamnasi, husomeka kama pole, na pole ya hadharani inaumiza. Yeye amo ndani ya neno "wenzangu", na hapo panamtosha.

Bi Fulani mpigie simu kabla ya kuliweka jina lake, kwa sababu ukimtaja kwa alama ya @ atapata taarifa, na watu wake wanaweza kuona pia. Labda hapendi, au yuko kwa mwajiri mwengine na hataki jina lake lihusishwe tena na hoteli hiyo. Akikataa, andika "msimamizi wangu wa kwanza", kisha kiache kile kisa cha usiku wa zamu kama kilivyo, akikisoma, atajijua.