Jumla ikitoka 1 usipige vema upesi

"Nasahihisha michoro ya mti ya kidato cha nne, swali la kuchota bila kurudisha. Huwa najumlisha majibu ya mwisho wa matawi, ikitoka 1 napiga vema. Inatosha?"

Haitoshi, mwalimu mwenzangu. Nafundisha hapa Tanga, na nilisahihisha hivyo hivyo miaka kadhaa mpaka binti mmoja akaniletea daftari kuuliza kwa nini yeye na jirani yake wana majibu tofauti na wote wamepata vema.

Swali lilikuwa la kapu lenye machungwa 5 ya Muheza na ndimu 3. Unachukua mawili bila kurudisha. Tafuta uwezekano wa kupata chungwa moja na ndimu moja. Matawi ya kwanza ni 5/8 na 3/8. Likitoka chungwa, yanayofuata ni 4/7 na 3/7. Ikitoka ndimu, machungwa bado ni 5, kwa hiyo ni 5/7 na 2/7. Ukizidisha kwa kufuata njia unapata 20/56, 15/56, 15/56 na 6/56. Jibu ni 30/56, yaani 15/28.

Yule jirani alinakili 4/7 na 3/7 za juu akaziweka na chini. Njia zake zikawa 20, 15, 12 na 9 juu ya 56. Jumlisha uone: 56 kamili! Jibu lake 27/56 si sahihi, lakini jumla haikumsaliti, kwa sababu kila jozi ya matawi yake ilifika 1. Aliyesahau kwamba tunda halirudi, akaandika asili ya 8 kote, naye anapata 64/64. Jumla inamnasa aliyekosea kuzidisha, au aliyepunguza asili akasahau kiasi: 5/7 na 3/7 ni 8/7, zimepita 1.

Siku hizi naanza na matawi ya pili, kabla sijatazama hesabu yoyote. Natazama asili kama imeshuka kuwa 7, kisha naweka kidole kwenye tawi la chini la chungwa: ni 5 au 4? Halafu nalinganisha njia mbili za katikati. Chungwa kisha ndimu lazima ilingane na ndimu kisha chungwa. 15 na 12 zinaonyesha kosa papo hapo. Ila aliyeandika 8 kote njia zake zinalingana, 15/64 kwa 15/64, ndiyo maana asili naitazama kwanza.

Kuhusu alama, aliyenakili matawi namkata za matawi. Kama amezidisha vizuri namba zake mwenyewe na kujumlisha njia mbili zinazotakiwa, alama za njia nampa, za jibu hapana. Aliyejumlisha 5/8 na 3/7 badala ya kuzidisha ndiye anayepoteza alama za njia, hata mti wake ukiwa safi.

Waambie pia wasirahisishe sehemu katikati. 20/56 ikishageuzwa 5/14 na 6/56 ikawa 3/28, kulinganisha njia kwa jicho kunakuwa kazi, na una madaftari 60 mezani.