Chapati zangu zinakuwa ngumu, nakosea wapi?

"Assalaam alaykum fundi. Chapati zangu zikitoka motoni nzuri, zikikaa nusu saa tu zishakuwa ngumu kama gome na tabaka sizioni. Unga naukanda sana kisha nasukuma hapo hapo, na moto nauweka mdogo zisiungue." — Mama wa Wete, Pemba

Waalaykum salaam bibie. Umeshaniambia yote mwenyewe, ni hapo kwenye "hapo hapo" na hapo kwenye "moto mdogo".

Unga wa ngano ukiutia maji ukaukanda unafanya utando unaovutika kama mpira, waokaji wanauita gluteni. Kukanda sana si kosa, lakini utando ule ukitoka kwenye mkono unakuwa umekaza, ndio maana unasukuma donge linajirudi. Sasa likijirudi wewe unafanyaje? Unakandamiza zaidi, linanasa kibaoni, unatia unga mkavu, linanasa tena unatia tena, na unga wote ule mkavu unakunywa maji ya chapati yako, yaani kabla haijaona moto ishaanza kukauka. Mie nilivoanza kazi jikoni nilikuwa namaliza bakuli zima la unga wa kunyunyizia halafu nasema unga wa dukani mbaya.

Kwa nusu kilo ya unga tia chumvi kijiko kimoja cha chai na mafuta vijiko 3 vya kulia, uyasugue mafuta mle kwenye unga mkavu kwanza, kisha maji vuguvugu karibu mililita 300, kidogo juu ya nusu ya chupa ile ya maji ya nusu lita. Usimwage yote mara moja maana unga haulingani. Ukikanda dakika kama 10 uwe laini na bado unanatanata vidoleni kidogo, usiogope, ukiwa mkavu unakatika kirahisi mkononi basi ushakosea hapo hapo. Ufunike na kitambaa kibichi dakika 30 mpaka 40. Muda huo unga unamaliza kunywa maji yake na ule utando unalegea. Utajuaje uko tayari? Bonyeza kidole, shimo linabaki au linarudi polepole sana, likiruka haraka uache bado.

Haya, tabaka. Kata madonge 8, sukuma moja jembamba, paka samli au mafuta mpaka ukingoni, kijiko cha chai kinatosha, nyunyiza unga chembe tu, likunje kama kamba kisha ulizungushe kama jongoo aliyeguswa, ncha uifiche chini. Mafuta yale ndiyo ukuta, yanazuia tabaka moja isishikane na mwenzake, pale ulipoparuka bila mafuta ndipo zinapogandana. Wengi wakishazungusha wanasukuma moja kwa moja, mie nakwambia yaache tena dakika 15 mpaka 20 maana ule utando umekaza upya, halafu sukuma kwa mkono mwepesi. Ukilikandamiza kwa nguvu umezibana tabaka zote zikawa kitu kimoja na kazi yako yote bure.

Moto sasa, na hapa ndipo ulipoharibikiwa zaidi. Chuma lazima kiwe cha moto kwanza, dondosha tone la maji, liruke na kukauka papo hapo. Chapati ikigusa chuma cha moto maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke kwa haraka na mvuke unasukuma zile tabaka zilizotenganishwa na mafuta, unaona inavimba. Moto mdogo hauna nguvu hiyo, maji yanatoka taratibu tu dakika 5 au 6 mpaka rangi itokee, na kufikia hapo umeoka biskuti. Iweke kavu, ikitoa mapovu na kubadilika rangi geuza, ikipata madoa upande wa pili ndio utie mafuta kila upande, yote isizidi kama dakika 3. Kama unatumia makaa subiri yawake yote mekundu, na ikitoa madoa meusi huku katikati bado mbichi basi hapo moto umezidi, punguza.

Ikitoka ipigepige baina ya viganja ifumuke, kisha zipange moja juu ya nyingine kwenye hotpoti au kwenye kitambaa ufunike na kawa, zile zinazoachwa wazi kwenye upepo hukauka hata ziwe zimepikwa vipi.

Na chapati yoyote ikipoa inakaza kidogo kwa sababu ya wanga, hiyo si kosa lako. Jaribu hivi: ile iliyokuwa ngumu irudishe kwenye chuma cha moto sekunde chache, ikilainika tena basi ilikuwa imepoa tu. Ikizidi kuwa ngumu, maji yalishaisha zamani.