Umefyeka majani na bado watoto wana malaria? Kaangalie shimo la tofali

"Wakuu, nimehamia Mkonze hapa Dodoma. Majani nimefyeka yote, makopo nimeokota, neti tunazo, lakini mvua hizi watoto wawili wamepimwa wakakutwa na malaria. Hawa mbu wanatoka wapi? Na mbona usiku wanalia tu humo ndani, neti zimeisha dawa au?"

Mkuu pole na watoto. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko huku huku pembezoni mwa jiji, na hili huwa linazuka kila tukikaa kikao cha mtaa msimu wa mvua.

Kwanza hao wanaolia usiku kucha usiwape kesi yote. Wengi wao ni kuleksi, wametoka kwenye chemba na choo cha shimo, wanapenda maji machafu, wanakera kweli lakini malaria hawaambukizi. Wa kwenye makopo na matairi nao ni wengine, wale weusi wenye madoa meupe miguuni, wanauma mchana na ndo wa dengi. Wa malaria anaitwa anofelesi na yeye anataka maji yaliyotulia yanayopigwa jua, yasiyo na uchafu wa choo, yawe ya tope haijalishi. Nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya lori, msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, na huku kwetu zaidi ya vyote ni mashimo ya tofali. Tangu serikali ihamie Dodoma watu wanajenga kila kona, na kila anayefyatua tofali anaacha shimo.

Nikupe mfano wa mtaa wetu. Kulikuwa na mama mmoja uwanja wake unafagiwa mpaka unang'aa, hakuna jani wala kopo, na watoto wake wanaumwa kwa zamu. Kwenye kikao mzee mmoja akasimama akasema mbu wanatoka kwenye majani ya jirani, yafyekwe kwa lazima, watu wakapiga makofi. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, naomba twende wote nyuma ya hiyo nyumba na bakuli jeupe tukachote maji tuone. Kama hatua mia hivi kulikuwa na mashimo ya kijana anayefyatua tofali, matatu ameshayamaliza na moja bado analichimba, yote yana maji.

Namna ya kuchota ni hivi, ujaribu na wewe. Nenda jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisiangukie maji, maana viluwiluwi wakiona kivuli wanazama chini na utasema hamna kitu. Inamisha bakuli pembeni mwa dimbwi, penye nyasi kidogo au kwenye ukingo wa kina kifupi, maji yaingie taratibu, halafu tulia uangalie. Kiluwiluwi cha kuleksi kinaning'inia kichwa chini mkia juu, kwenye mkia kina kimrija cha kupumulia. Cha anofelesi hakina mrija, kinalala bapa juu kabisa ya maji kama kijiti kidogo kinachoelea. Siku ile bakuli la kwanza halikuwa na kitu, la pili likaja na vijiti vitano sita vimelala bapa, yule mzee akainama akaangalia muda mrefu, akauliza "kumbe ndo hawa?" Habari ya majani ikaishia pale pale.

Sasa shida ni kwamba kijana anayahitaji yale maji kukandia udongo, huwezi kumwambia tu fukia, hiyo ndo kazi yake. Tulichokubaliana ni kwamba yale matatu yaliyoisha anafukia kwa kifusi anachotoa kwenye shimo jipya, anashindilia na kuacha kama kichuguu juu maana udongo ukilowa unatitia, ukifukia sawa na ardhi mvua inayofuata unapata dimbwi tena. Lile analotumia analichota likauke kabisa angalau mara moja kwa wiki. Kwa nini wiki, kwa sababu kutoka yai mpaka mbu anayeruka inachukua kama siku 7 mpaka 14 kutegemea joto, ukikausha kila wiki wanakufa kabla hawajaota mabawa. Kwenye shimo kubwa lisilofukika wala kukaushika muone bwana afya wa kata, kuna dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa kiwandani Kibaha, ila lazima irudiwe, sio kupulizia mara moja ukasahau. Oili chafu ya gari sishauri, ng'ombe na mbuzi wanakunywa humo humo.

Halafu piga hesabu ya muda. Mbu akishatoka kwenye maji anapaswa amuume mtu mwenye vimelea, vikomae ndani yake siku kumi hivi au zaidi, ndo amuume mtoto wako, na mtoto naye anakaa wiki moja mpaka mbili kabla hajachemka. Ukijumlisha na muda wa kukua kwenye maji inafika kama mwezi au zaidi, yaani homa ya Februari mara nyingi imeanzia kwenye dimbwi la Desemba au la mwanzoni mwa Januari. Ndo maana mashimo yanafukiwa Oktoba, Novemba, ardhi ikiwa kavu, ukingoja watoto waumwe umeshachelewa.

Kuhusu neti, kusikia mbu ndani sio kipimo cha dawa kuisha. Neti yenye dawa haimfukuzi kila mbu chumbani, kazi yake ni kumzuia asikufikie na kumuua au kumchosha akiigusa. Mimi nikiingia nyumba ya mtu naangalia kitu kingine, inavyolalwa. Watoto watatu kwenye godoro la futi tatu na nusu mguu mmoja lazima ugusane na neti, na mbu anamuuma hapo hapo kupitia kitambaa. Wengine wanalala mkekani neti imeishia hewani, haijachomekwa chini ya mkeka. Na lile joto la Novemba na Desemba watu wanaitupa juu mpaka usiku wa manane, au wanatoka kulala uwanjani bila chochote. Kama mnalala nje chomeka miti minne uifunge nje, inafanya kazi vizuri tu.

Kufua, sabuni ya kipande na maji ya baridi, anika kivulini, usiweke jiki. Ukiifua kila wiki na sabuni ya unga kali na kuianika juani dawa inaondoka mapema. Ikitoboka shona, na ikiwa mpya itandaze kivulini siku nzima kwanza ili isikuwashe. Maji uliyofulia usimwage bwawani, yanaua samaki.

Ila nisikudanganye, neti haitamaliza kila kitu. Huku kwetu kuna anofelesi anayeuma nje na mapema, anapenda ng'ombe na akimkosa anakuja kwako, sasa mkikaa uwanjani kupika na kupiga stori mpaka saa nne usiku neti bado imekunjwa ndani. Wavalishe watoto nguo ndefu jioni, na zizi lisigusane na dirisha la chumba cha kulala.

Na hao watoto, kama wamemaliza mseto wote na homa imerudi usiwape wa jirani uliobaki, warudishe wakapimwe tena. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, homa nyingi huku ni kitu kingine kabisa. Kama kuna aliyetoka safari huko karibuni mwambie daktari.

Kesho asubuhi chukua bakuli uzunguke nyuma ya nyumba, ukikuta vijiti vimelala bapa piga picha uipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa, akiona mwenyewe kumwita mwenye shimo inakuwa rahisi.