Kabla hujamwita mwanafunzi kwa sababu ya asilimia

Wiki hii nimeona wasahihishaji wapya wawili wakiandika "kazi ya mashine" juu ya insha, ushahidi wao ukiwa ile asilimia tu inayotolewa na kigunduzi, programu inayokisia kama maandishi ni ya mashine. Wadogo zangu, nisikilizeni. Njia hiyo nimeipita na iliniumiza.

1. Kigunduzi hakijui nani aliandika. Kinachopima hasa ni jinsi neno linalofuata linavyokisika kwa urahisi, na vingine hutazama pia kama sentensi zinakaribiana urefu. Anayeandika kwa lugha ya pili hushika maneno aliyo na uhakika nayo na miundo aliyofundishwa darasani, kwa hiyo hukisika, na maandishi yanayokisika ndiyo kigunduzi huyahesabu kuwa ya mashine. Ripoti ya maabara nayo ni hivyo hivyo, maana sisi wenyewe tunadai iandikwe kwa mpangilio uleule.

2. Mwanafunzi wangu mmoja, Kiingereza kikiwa lugha yake ya tatu, alileta ripoti iliyopata 92% kwenye kigunduzi. Nilimpa sifuri kabla sijamsikiliza. Alikuja ofisini na daftari lenye rasimu tatu, zimekatwakatwa kwa kalamu, na bado nikamwambia hizo angeweza kunakili. Akaomba karatasi, akaketi mbele yangu, akaandika upya sehemu ya mbinu kwa mkono. Niliichapa mwenyewe nikaipitisha kwenye kigunduzi: 88%. Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha nikabadilisha maneno sita mepesi kwa mazito na kuunganisha sentensi mbili fupi, nikapima tena, na alama ikashuka chini ya nusu. Mwandishi alikuwa yuleyule, kilichobadilika ni msamiati.

Baadaye nikakuta kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walishalionyesha jambo hili mwaka 2023. Walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiokizaliwa nacho, zilizoandikwa na watu, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani, 61% zilihesabiwa kuwa za mashine, ilhali insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita salama. Walipoiagiza ChatGPT ipambe msamiati wa insha zile za TOEFL, kiwango kikashuka hadi karibu 12%. Yaani aliyeandika kwa jasho lake alishikwa, na aliyesaidiwa na mashine akapita!

3. Fanyeni hesabu: kigunduzi kikikosea mara moja tu kwa kila kazi mia za watu, kwenye kazi 3,000 za muhula mnawatuhumu 30 wasio na hatia.

4. Ombeni rasimu na historia ya faili, mkae na mwandishi dakika kumi awaeleze aya moja mliyoichagua ninyi, si yeye.

Yule kijana nilimrudishia alama zake na kumwomba radhi mbele ya mkuu wa idara. Ripoti yake iliyofuata ilijaa maneno mazito yasiyokaa mahali pake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwalimu, niliogopa kuandika vizuri."