Maswali na majibu: filamu ya harusi iingie kwenye fleshi

Jambo kaka. Niko Kadutu, nashona video za harusi. Filamu ni saa 2 na nusu, mteja ameleta fleshi ya gigabaiti 4. Niandike kiwango gani cha biti?

Fleshi ya gigabaiti 4 usiihesabie zote 4, maana mara nyingi hupungua kidogo; lenga 3.6. Zigeuze kuwa biti: baiti 3,600,000,000 mara 8 ni biti 28,800,000,000. Saa 2 na nusu ni sekunde 9,000. Gawanya, unapata biti 3,200,000 kwa kila sekunde, yaani kilobiti 3,200.

Hizo ni za faili nzima, picha na sauti pamoja. Sauti ya kilobiti 128 toa kwanza, zinabaki 3,072. Kasha la MP4 nalo lina orodha zake za ndani zinazokula nafasi, kwa hiyo shuka hadi 3,040. Kwa FFmpeg kwenye Windows ni hivi:

```
ffmpeg -y -i harusi.mp4 -c:v libx264 -b:v 3040k -pass 1 -an -f null NUL
ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v libx264 -b:v 3040k -pass 2 -c:a aac -b:a 128k tayari.mp4
```

Mpito wa kwanza hautoi filamu. Unapima tu wapi picha ni nzito, kama watu wakicheza na kurusha pesa, na wapi ni nyepesi, kama padri akiwa amesimama altareni. Mpito wa pili huchukua biti za altareni na kuzipeleka kwenye densi, huku wastani ukibaki uleule. Ndiyo sababu ukubwa wa faili unatoka karibu sana na hesabu yako. Ukibadilisha upana wa picha au idadi ya picha kwa sekunde, badilisha katika amri zote mbili.

Nilipiga hesabu sawasawa ya gigabaiti 4, na sauti nikaitoa, lakini fleshi imekataa.

Nadhani ulizidisha kwa 1,024 mara tatu. Windows huonyesha gigabaiti kwa hesabu hiyo, ambapo 4 ni baiti 4,294,967,296. Mtengenezaji wa fleshi huhesabu kwa elfu, na 4 zake ni baiti 4,000,000,000. Tofauti inapita asilimia 7, na hakuna mpito wa pili utakaoifuta. Hesabu kwa elfu tangu mwanzo. Hata ile `k` ya FFmpeg ni elfu moja kamili.

Yangu ni ya gigabaiti 16, iko tupu, na bado inasema faili ni kubwa mno!

Imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili inayozidi baiti 4,294,967,295 hata nafasi ikiwa tele. Kama televisheni ya mteja inasoma FAT32 peke yake, lenga baiti 4,200,000,000 au kata filamu vipande viwili.

Umeme ukikatika katikati, nianze upya zote mbili?

Angalia folda. Ukiona `ffmpeg2pass-0.log` pamoja na mwenzake wa `.mbtree`, mpito wa kwanza ulikamilika. Rudia wa pili tu. Ukiona jina linaloishia kwa `.temp` peke yake, ulikatika njiani na hauna faida. Jambo jingine: usiendeshe filamu mbili kwa wakati mmoja katika folda moja, kwa sababu ya pili hufuta vipimo vya ya kwanza. Utaijua kwa ujumbe kama `2nd pass has more frames than 1st pass`, au, mbaya zaidi, bila ujumbe wowote. Vipe vipimo vya kila filamu jina lake kwa `-passlogfile`, lilelile katika amri zote mbili.

Mchungaji anataka ibada nzima ya saa 3 iwe megabaiti 300. Inawezekana?

Kuingia itaingia, kutazamika ni suala jingine. Biti 2,400,000,000 kwa sekunde 10,800 ni kilobiti 222. Sauti ya njia moja, kilobiti 48, inabakisha 174. Kwa faili ndefu namna hii kasha hula zaidi, basi andika 168. Ukiziacha katika picha ya 1280 kwa 720, kwaya ikianza kucheza utaona vigae vitupu. Punguza hadi 640 kwa 360: nukta zinakuwa robo, kila moja inapata biti mara nne.

Mimi ningemwomba achague mahubiri tu. Yakiwa ya saa 1 na dakika 10, megabaiti 300 zilezile zinatoa kilobiti 571 kwa sekunde, na mtu mmoja aliyesimama mimbarini ni picha nyepesi. Nyimbo mpe katika faili yake.